Mauzo ya Wiki ya Mwisho: Kupima Ubora wa Faida kwa Malimbikizo
Mada kwa semina ya wahasibu na waweka hazina, Mishomoroni, Kisauni

Maana ya malimbikizo tunaijua sote: ni ile sehemu ya faida ambayo haijawa pesa mkononi. Kiwango cha IFRS 15, kinachotumika tangu Januari 2018, kinasema mapato yaandikwe mteja anapopata mamlaka juu ya bidhaa. Tusikawie hapo.

Kinachonisumbua miaka nenda miaka rudi ni invoisi za Desemba. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la jumla la mabati na saruji, lenye mali ya wastani wa shilingi milioni 30. Mauzo yamepanda kutoka milioni 48 hadi 60, na faida ni milioni 6. Benki inafurahi. Lakini wadaiwa wametoka milioni 4 hadi 12, kwa hiyo deni lililokuwa likikaa siku 30 sasa linakaa 73. Biashara yenyewe imetumia pesa taslimu milioni 1.5 zaidi ya ilizoingiza. Toa pesa kwenye faida: 6 ukiondoa hasi 1.5 ni 7.5, yaani robo ya mali yote. Faida yote ni karatasi, na zaidi.

Hiyo ni dalili tu. Duka linalokua kwa haki, likikopesha makontrakta wapya, huonyesha sura hiyohiyo, kwa hiyo tusimwite mtu mwizi kwa hesabu ya kutoa. Fungua faili. Katika mfano wetu, invoisi za milioni 6.5 zimeandikwa wiki ya mwisho ya Desemba, delivari zake hazina sahihi ya mpokeaji, na Januari zikafutwa kwa krediti noti. Mabati hayakutoka ghalani.

Hapa wengi husahihisha nusu. Wanafuta mauzo, wanasahau kurudisha mabati kwenye stoku. Kama gharama ni asilimia 80, stoku inapanda milioni 5.2 na faida inashuka milioni 1.3 tu, hadi 4.7. Pesa haisogei hata senti. Tatizo limehama kutoka kwa wadaiwa kwenda ghalani, na swali jipya ni kama mabati hayo yatauzika. (Meneja atakwambia ni “tofauti ya tarehe”. Nimechoka kulisikia.)

Napendekeza, kwa heshima kwa wakuu wa ofisi zetu: invoisi za wiki mbili za mwisho zilinganishwe na delivari zenye sahihi. Krediti noti za Januari na Februari zisomwe kabla hesabu hazijatiwa sahihi. Malipo ya wadaiwa baada ya mwaka kufungwa yafuatwe hadi kwenye taarifa ya benki, maana anayenunua kweli hulipa. Bonasi ya muuzaji ihesabiwe pesa ikishaingia. Na, narudia, delivari isiyo na sahihi isihesabiwe kuwa mauzo, hata kama mkurugenzi ndiye aliyeileta.