Swali Lisilotaja Njia: Lugha za Kueleza Matokeo na Uhuru wa Kiboreshaji

Mwaka 1970 Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyoanza kwa lalamiko la kiufundi. Programu za wakati ule zilitegemea mambo matatu ambayo hazikupaswa kuyajua kabisa: mpangilio wa rekodi kwenye diski, faharasa zilizopo, na njia ya kuifikia rekodi moja kutokea nyingine. Msimamizi akifuta faharasa au akipanga upya rekodi, programu iliyokuwa ikifanya kazi jana leo inagoma. Upande wa pili alisimama Charles Bachman, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1973. Katika hotuba yake alimweleza mwandishi wa programu kama nahodha anayeongoza chombo kutoka rekodi hadi rekodi. Mwaka uliofuata wawili hao walikutana kwa mjadala wa hadhara kule Ann Arbor, Michigan. Makala hii inashikilia upande wa Codd, ila kwa sababu ambayo nadhani haisemwi vya kutosha. Lugha ya kueleza matokeo haikushinda kwa kuwa ni fupi au rahisi kusoma. Ilishinda kwa kuwa huahirisha uamuzi wa njia mpaka idadi ya data iweze kukadiriwa, na mwandishi wa programu kwa kawaida haijui idadi hiyo anapoandika.

Tuchukue hifadhidata ya kutunga ya PostgreSQL yenye majedwali mawili. Jedwali la `wateja` lina mistari 50,000 na la `miamala` lina mistari 2,000,000, yaani wastani wa miamala 40 kwa kila mteja. Kuna faharasa kwenye safu ya `mteja_id` ya miamala. Tunataka miamala ya wateja wa wilaya moja:

```sql
SELECT m.tarehe, m.kiasi
FROM wateja w
JOIN miamala m ON m.mteja_id = w.id
WHERE w.wilaya = 'Pangani';
```

Swali hili halisemi jedwali lipi lisomwe kwanza, wala halisemi kama faharasa itumike. Tuseme Pangani ina wateja 40. Miamala yao ni kama 1,600, na hata kila mmoja ukiwa kwenye ukurasa wake wa diski, tutagusa kurasa 1,600 tu. Jedwali zima la miamala, tukikadiria mistari 100 kwa ukurasa, lina kurasa 20,000. PostgreSQL kwa kawaida huhesabu usomaji wa ukurasa mmoja kwa kurukaruka kuwa na gharama ya 4, na usomaji wa mfululizo gharama ya 1. Kwa hiyo, tukiacha kazi ya prosesa, njia ya faharasa inagharimu kama 6,400 na kulisoma jedwali zima kunagharimu 20,000. Kiboreshaji kitachagua kumchukua kila mteja na kumtafutia miamala yake kwa faharasa, mpango unaoonekana kwenye skrini kwa jina la `Nested Loop`.

Sasa badilisha neno moja tu, weka Kinondoni badala ya Pangani, na tuseme huko kuna wateja 15,000. Miamala yao ni 600,000. Kuifuata mmoja mmoja kwa faharasa kunaweza kugharimu hadi 2,400,000 kwa hesabu ileile, wakati kulisoma jedwali zima bado ni 20,000. Kiboreshaji kitageuza mkakati: kitawapanga wateja wa Kinondoni kwenye jedwali la hashi katika kumbukumbu, kisha kitaisoma miamala yote mfululizo mara moja na kuulinganisha kila mmoja na hashi hiyo. Huo ndio `Hash Join`. Swali ni lilelile na jibu ni sahihi kwa kila wilaya, lakini kazi inayofanyika chini yake haifanani hata kidogo.

Mwandishi wa hatua kwa hatua angefanyaje? Angeandika kitanzi: soma wateja wa wilaya, na kwa kila mteja uliza miamala yake. Akijaribu kwa Pangani, jibu litatoka papo hapo, naye ataona kazi imekwisha. Kile alichokifanya bila kujua ni kuuchagua mpango wa kwanza kwa wilaya zote na kwa miaka yote. Kwa Kinondoni kitanzi hicho kitatuma maswali 15,000 kwa seva, na kiboreshaji, hata kiwe hodari namna gani, hakitakuwa na la kufanya. Kila mara kinaona swali dogo la mteja mmoja, na kwa swali hilo dogo faharasa kweli ndiyo njia bora. Kimefichwa swali kubwa.

Pingamizi la zamani ni kwamba mashine haiwezi kumshinda fundi mzuri. Kundi la System R la IBM lililijibu kwa vitendo: mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza kiboreshaji kinacholinganisha gharama za mipango kwa kutumia takwimu za majedwali. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kiboreshaji hukosea, na hilo ni kweli. Mtu akiongeza sharti `mkoa = 'Tanga'` kwenye swali letu, PostgreSQL itachukulia kwamba mkoa na wilaya havihusiani. Wateja wa Tanga wakiwa 2,000, yaani asilimia 4 ya wote, itazidisha asilimia hiyo kwa wale 40 wa Pangani na kutarajia wateja wawili. Kosa la mara 20 katika majedwali mawili huenda lisidhuru, lakini likibebwa hadi muungano wa nne au wa tano linaweza kuleta mpango mbovu kabisa.

Hata hivyo kosa hili lina mahali pa kulionea. `EXPLAIN ANALYZE` huonyesha katika kila hatua idadi iliyotarajiwa na iliyopatikana, na pale mbili hizo zinapoachana sana kwa mara ya kwanza, ukianzia hatua za ndani kabisa, ndipo pa kuchunguza. Dawa nayo haigusi swali:

```sql
CREATE STATISTICS eneo (dependencies)
  ON mkoa, wilaya FROM wateja;
ANALYZE wateja;
```

Baada ya hapo kila swali linalobana mkoa na wilaya pamoja kwa masharti ya usawa linapata makadirio bora, hata yale yaliyoandikwa na watu walioacha kazi zamani. Kitanzi kibovu hakina dawa ya namna hiyo. Hutafutwa programu moja baada ya nyingine. Ndiyo sababu napokea kwa shingo upande maelekezo ya kulazimisha mpango, yale ambayo Oracle huyaruhusu ndani ya maoni ya swali. Usiku wa dharura yanaokoa, lakini yakiachwa humo yanamrudisha nahodha wa Bachman kwa mlango wa nyuma.

Kikomo kimoja hakiondolewi na takwimu. Kiboreshaji kina uhuru wa kuchagua tu kati ya njia kinazoweza kuzithibitisha kuwa zinatoa jibu lilelile. Ukiandika `extract(year from tarehe) = 2024`, kwa macho yetu umeeleza matokeo, lakini PostgreSQL haitambui kwamba huo ni mfululizo mmoja wa tarehe, kwa hiyo faharasa ya kawaida ya `tarehe` haitumiki. Ukiandika `tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'`, maana ni ileile na faharasa inarudi mezani. Vivyo hivyo, muungano ulioandikwa kwa `JOIN` ukizidi majedwali manane, thamani ya kawaida ya `join_collapse_limit`, mpangilio wa maandishi yako huanza kubana mpangilio wa kazi, kwa sababu kujaribu kila mpangilio kungechukua muda mrefu kuliko swali lenyewe.