Kinga ya Masikio na Treni Isiyosikika

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa genge la njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa kusema juu ya usalama kazini. Sitasema juu ya mambo yote ya usalama, maana tungekesha hapa. Nataka kusema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni hizi kinga za masikio zenye vikombe viwili na utepe wa kupita kichwani, tulizopewa sisi watu wa genge tunaokata reli kwa mashine. Chama chetu ndicho kilichozidai, na kilifanya vizuri. Lakini tangu siku ile zilipofika, watu wamedhani shauri limekwisha. Mimi nasema halikwisha.

Hatari yo yote ikitafutiwa dawa, yafaa tuulize maswali mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza: baada ya dawa hii, ni sehemu gani ya hatari ile ile iliyobaki? La pili: dawa yenyewe imezaa hatari gani ambayo jana haikuwapo? Wakubwa wa kazi hupenda kuishia kwenye dawa. Hujaza fomu, wakaandika "Kelele: kinga za masikio zimetolewa", na fomu ikaingia kabatini.

Nianze na ile iliyobaki. Sheria yetu ya Kenya juu ya kelele, yaani zile Kanuni za mwaka 2005, yasema mfanya kazi asipate kelele ya kupita desibeli 90 kwa kadiri ya saa 8 za kazi, na kelele ikizidi 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kuipunguza na kulinda masikio ya watu. Sasa, desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya kelele huwa mara mbili, na muda ambao sikio laweza kuvumilia hukatwa nusu. Mashine ya petroli ya kukata reli yaweza kumpa mwenye kuishika desibeli 105. Fanyeni hesabu pamoja nami: 90 ni saa 8, 93 ni saa 4, 96 ni saa 2, 99 ni saa 1, 102 ni nusu saa, 105 ni dakika 15. Basi dakika 15 za mashine ile bila kinga ni posho yote ya kelele ya siku nzima. Na ukihesabu kwa ile 85, hupati hata dakika 5.

Kinga imeandikwa kwenye kasha kwamba yapunguza desibeli 30. Namba hiyo hupatikana kwa kupimwa ndani ya chumba, juu ya watu waliokaa kimya, kinga ikiwa mpya na imevaliwa barabara. Kule njiani jua ni kali, jasho latiririka, mto wa kikombe umekuwa mgumu na kupasuka, na mwenye miwani ana mkono wa miwani unaoinua kikombe na kuacha upenyo. Kelele haihitaji mlango, upenyo wamtosha. Lakini hata kinga ikiwa nzuri kabisa, tuseme mashine yanguruma saa moja kwa jumla katika siku, na mtu ameivua kinga mara sita, kila mara dakika moja. Hizo dakika 6 peke yake zimekwisha kumpitisha 85 ya siku, hata kama dakika 54 nyingine alikuwa amejiziba kama aliye kaburini. Hiyo ndiyo hatari iliyobaki. Haionekani kwenye fomu, lakini mwenyewe utaijua jioni, ukifika nyumbani masikio yanalia kama panzi na mke wako anakuambia mbona wapiga kelele ukisema.

Sasa msimamizi akija na kumkuta mtu kinga iko shingoni, humwandikia onyo kwa ukaidi. Ningependa amuulize kwanza kwa nini ameivua. Wachache huivua kwa sababu ya joto. Wengi wetu huivua ili kusikiliza treni. Hapo ndipo hizi hatari mbili zinapokutana, na jambo hili ndilo lililonifanya nisimame leo. Ukiivaa, treni haisikiki. Ukiivua, sikio laharibika. Wazee walisema mtu aweza kuruka majivu akakanyaga moto.

Mwaka 2016 nilikuwa kwa mkandarasi mmoja, jina lake halina haja. Tulikuwa tunakata reli kwenye kona, tumevaa kinga kama tulivyoagizwa. Mnyapara wetu alipiga firimbi, akapiga tena. Sisi tuliokuwa kwenye mashine hatukusikia kitu. Alikuja mbio juu ya kokoto akamvuta mwenzangu kwa shati. Tuliiondoa mashine na treni ikapita. Jioni ile mkandarasi aliandika kwamba mambo yote yalikwenda sawa, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Wengine hawakubahatika. Tarehe 3 Julai 2019, mahali paitwapo Margam, huko Wales katika Uingereza, mafundi watatu wa njia walikuwa wakifanya kazi kwenye reli ambayo bado treni zapita. Mmoja alikuwa akitumia chombo chenye kelele nyingi, na ofisi ya serikali inayochunguza ajali za reli ilisema kwamba yaelekea sana wote watatu walikuwa wamevaa kinga za masikio. Hapakuwa na mtu aliyewekwa rasmi kuwatazamia treni. Treni ya abiria iliyotoka Swansea kwenda London ikaja. Dereva alipiga honi, akaona hawageuki, akafunga breki za hatari kama sekunde 9 kabla ya kuwafikia, huku akiendelea kupiga honi. Treni ilikuwa bado yaenda kama kilomita 80 kwa saa. Wawili waliuawa, wa tatu aliponea chupuchupu. Uchunguzi ulisema pia kwamba mpango wa usalama uliokuwa umekusudiwa kabla ya kazi haukufuatwa, na mipango iliyoshika nafasi yake ilizidi kupunguka usalama kadiri asubuhi ilivyoendelea. Sisemi kwamba kinga ndizo zilizowaua. Nasema kwamba mahali penye kinga za masikio, honi ya dereva si ulinzi tena, na mtu asiihesabu katika mpango wake.

Basi tufanye nini? Wengi watasema: weka mtazama treni. Vema, lakini tuipime dawa hii ya pili kama tulivyoipima ile ya kwanza. Treni ya kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Tuseme mtazama treni aona na kuamua kwa sekunde 2. Kuwashtua watu ni sekunde 2 nyingine. Mashine ile imefungwa kwenye reli kwa kibano, kuifungua na kuitoa ni sekunde 10. Kutoka na kufika mahali pa salama ni sekunde 5. Tena Waingereza wana kanuni njema, kwamba watu wawe wamekwisha kusimama mahali pa salama sekunde 10 kabla treni haijafika. Jumla ni sekunde 29. Zidisha mara 22, utapata mita 638. Basi mtazama treni lazima aione treni ikiwa mbali kiasi hicho, na zaidi kidogo. Kwenye kona ambapo macho yafika mita 400, ana sekunde 18 tu. Hapo hata ukimweka malaika, watu watakuwa bado hawajafika mahali pa salama.

Na zile sekunde 2 za kuwashtua watu, zatoka wapi? Si kwenye firimbi, maana tumekwisha kuona firimbi haisikiki. Zatoka kwenye mkono. Mtazama treni wa watu wenye mashine asimame karibu nao, aweze kumgusa begani yule anayeishika. Akisimama mita 10 mbali ili apate kivuli, kuja kwake juu ya kokoto ni sekunde 4 za zaidi, nazo ni karibu mita 90 za treni. Lakini akisimama pale karibu huenda asione mbali. Ndiyo sababu mahali pengine watu wawili huhitajika, mmoja wa mbali wa kuona na kutoa ishara ya bendera, na mmoja wa karibu wa kugusa. Na huyu wa karibu asitazame kazi. Mimi nimefanya kazi hiyo, na nawaambia kwamba cheche za reli ikikatwa huvuta macho kama moto wa jioni. Tena huyu ndiye mtu wa kwanza kuambiwa "hebu lete spana hiyo". Siku anapoileta, genge halina mlinzi, na watu wote wamevaa vikombe wakiamini kwamba wanaye. Hapo hali yao ni mbaya kuliko ya mtu asiye na mlinzi kabisa, ambaye angalau angegeuza shingo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba penye mashine ya kukata, au penye kona, njia ifungwe. Treni isipokuja, kinga yaweza kukaa kichwani saa nzima bila hofu, na zile dakika za kuvuavua zinakwisha zenyewe. Najua kwamba nayo ina mabaki yake. Penye njia mbili, ile ya pili bado yaenda. Na ina mtoto wake pia, yaani haraka: saa ya kufungua njia ikikaribia, simu zaanza kuulizwa kutoka stesheni, mtu akafunga nati nusu, akasahau nyundo juu ya taruma. Hatari hiyo twaweza kuikata kwa kuomba saa za kutosha tangu mwanzo, na kwa mtu mmoja kutembea njia yote na kuhesabu vyombo kabla ya kuirudisha.

Namwomba Bwana Katibu, katika mazungumzo yajayo na wakubwa, apeleke mambo matatu. Fomu ya hatari iongezwe nafasi mbili, ya kilichobaki na ya kilichozaliwa, na kila moja iwe na jina la mtu wa kuiangalia. Mito ya vikombe ibadilishwe ikipasuka, bila mtu kukatwa mshahara. La tatu ndilo gumu. Genge la watu 8 likitoa watazama treni wawili, linabaki na watu 6, nayo kazi iliyopangwa bado ni ya watu 8. Wakubwa watasema tuchague wenyewe. Nataka mkutano huu uamue leo tutajibu nini.