ICMP Ipi Ipite? Fayawoli na Ukubwa wa Pakiti Njiani



Wasimamizi wengi wa mitandao wakikabidhiwa fayawoli mpya huanza na kanuni ya kufunga ICMP yote. Hofu hiyo haikuzuka bure. Katika miaka ya 1990 pakiti za ping zilizozidi kipimo ziliweza kuangusha kompyuta, na shambulio la Smurf liliwafanya watu wasio na hatia kumgharikisha mlengwa mmoja kwa majibu ya ping. Mifumo ya kompyuta ilirekebishwa zamani, na ruta ziliacha kupitisha ping inayolenga mtandao mzima kwa mpigo. Kanuni ya kufunga yote imebaki, na kwa maoni yangu leo inaleta hasara zaidi kuliko kinga.

Nichukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme chuo kina seva ya matokeo makao makuu, na tawi lililo mbali. Ruta ya makao makuu na ile ya tawi zimeunganishwa kwa handaki la GRE juu ya intaneti. Mbele ya seva, kati yake na ruta, kuna fayawoli iliyofunga ICMP yote.

Etherneti ya kawaida hubeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Kikomo hicho ndicho MTU. Handaki la GRE huongeza kichwa kipya cha IP cha baiti 20 na baiti 4 za GRE yenyewe, hivyo pakiti ya ndani haiwezi kuzidi baiti 1476. Seva na kompyuta ya tawini hazilioni handaki. Kila moja inaiona Etherneti yake tu, kwa hiyo zinapofungua muunganisho wa TCP zinaambiana kwamba ziko tayari kupokea vipande vya data vya baiti 1460, yaani 1500 ukiondoa vichwa vya IP na TCP.

Mhadhiri wa tawini anafungua mfumo. Pakiti za kufungua muunganisho ni ndogo, zinapita. Ombi lake ni dogo, linapita. Seva inaanza kurudisha orodha ya matokeo kwa pakiti za baiti 1500, kila moja ikiwa na alama ya DF inayokataza ruta kuikata vipande. Ruta ya makao makuu inaona pakiti haiingii kwenye handaki, inaitupa, kisha inafanya inavyopaswa: inaipelekea seva ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, msimbo wa 4, wenye maana kwamba pakiti ilihitaji kukatwa na kikomo cha njia hii ni 1476. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 1990 katika RFC 1191. Ujumbe unafika kwenye fayawoli na kufia hapo.

Seva haijui lolote. Inadhani pakiti imepotea kwa msongamano, inaituma tena kwa ukubwa uleule, inasubiri, inaituma tena, na kila mara muda wa kusubiri unarefuka. Seva ya Linux katika mipangilio yake ya kawaida inaweza kuendelea hivi kwa takribani robo saa kabla ya kukata tamaa. Mhadhiri anauona ukurasa mweupe unaozunguka bila kikomo.

Dalili hizi zina sura yake. Kuingia kwa SSH kunafaulu, lakini ukiorodhesha saraka yenye mafaili mengi dirisha linaganda. Kupakia faili kubwa kutoka tawini kunafaulu, kwa sababu ruta ya tawi inaionya kompyuta ya mhadhiri bila kizuizi, na seva inarudisha pakiti ndogo za kuthibitisha tu. Kupakua faili hilohilo kunakwama. Ukiona kidogo kinapita na kikubwa kinakwama, tena kwa upande mmoja, acha kulaumu kasi ya intaneti. Sikiliza pande zote mbili za fayawoli:

```
tcpdump -ni eth0 'icmp[0]=3 and icmp[1]=4'
```

Ukiuona ujumbe upande wa ruta na usiuone upande wa seva, umempata mhusika.

Kuna jambo hapa linalowaponza hata wasimamizi makini. Ujumbe huu hautoki kwa kompyuta ya mhadhiri. Unatoka kwa ruta iliyo katikati, yenye anwani ambayo seva haijawahi kuzungumza nayo, na wakati mwingine ni anwani ya ndani kama zile zinazoanza na 10. Kanuni inayoruhusu ICMP kutoka kwa wateja wanaojulikana tu itauzuia. Kinachoutambulisha kimo ndani yake: umebeba kichwa cha IP cha pakiti iliyotupwa pamoja na angalau baiti 8 zinazofuata, ambamo mna namba za mlango na namba ya mfuatano ya TCP. Fayawoli inayokumbuka miunganisho husoma humo na kuutambua kuwa unahusiana na muunganisho uliopo. Lakini ikiwa pakiti za kwenda na za kurudi zinapita fayawoli tofauti, kumbukumbu hiyo haipo, na ujumbe halali huonekana batili. Ndiyo maana mimi huandika ruhusa waziwazi na kuiweka juu ya kanuni inayotupa pakiti batili:

```
icmp type { destination-unreachable, time-exceeded, parameter-problem } accept
icmp type echo-request limit rate 10/second accept
icmpv6 type { destination-unreachable, packet-too-big, time-exceeded, parameter-problem } accept
icmpv6 type { nd-neighbor-solicit, nd-neighbor-advert, nd-router-advert } ip6 hoplimit 255 accept
ct state invalid drop
```

Ping, ile `echo-request`, haihusiki na kugundua ukubwa wa njia. Naiacha ipite kwa kiasi kwa ajili ya uchunguzi tu, na asiyeitaka anaweza kuifunga bila kuvunja kitu. Ujumbe wa kuelekeza njia upya, aina ya 5, usiingie kutoka nje kamwe, na ule wa kuomba mtumaji apunguze kasi ulifutwa rasmi mwaka 2012.

Kwenye IPv6 makosa haya ni mazito zaidi. Huko ruta za njiani haziruhusiwi kabisa kukata pakiti, hivyo `packet-too-big` ndiyo sauti pekee ya ruta kuhusu ukubwa, na RFC 4890 ya mwaka 2007 inaitaja miongoni mwa jumbe zisizopaswa kutupwa. Ukizifunga pia zile za `nd`, kompyuta za mtandao mmoja hazitajuana anwani.

Wengine hukwepa suala hili kwa kuiagiza ruta ipunguze ukubwa wa vipande unaotajwa TCP inapofunguliwa, katika mfano wetu kutoka 1460 hadi 1436. Inasaidia, nami nimeitumia. Lakini haigusi UDP, na siku handaki likibadilishwa kuwa la aina nyingine yenye vichwa vikubwa zaidi, namba iliyoandikwa kwa mkono inakuwa ya uongo.

Mwingine atauliza: je, mshambuliaji hawezi kughushi ujumbe ili pakiti zetu ziwe ndogo mno? Anaweza kujaribu, ndiyo maana TCP ya leo hulinganisha namba ya mfuatano iliyomo kabla ya kuuamini, na Linux kwa kawaida haishuki chini ya baiti 552 kwenye IPv4.

Ukishabadilisha kanuni, pakua faili kubwa ukiwa tawini, kisha kwenye seva uliza njia ya kwenda kwa kompyuta ile:

```
ip route get 10.20.0.15
```

Jibu linapaswa kuwa na `mtu 1476` na sekunde zinazohesabu kushuka kutoka 600. Zikiisha, seva inasahau na kujaribu 1500 tena, na ujumbe unahitajika upya. Kwa hiyo subiri zaidi ya dakika 10, upakue mara ya pili, ndipo ufunge tiketi ya mhadhiri.