Kuunganisha Wahusika Wadogo: Kipimo ni Wanachokijua, Si Vyeo Vyao

Utangulizi

Skripti ya filamu ndefu iliyoandikwa kwa waigizaji thelathini mara nyingi hurudishwa kwa mwandishi ikiwa na agizo moja: wabaki kumi. Mwandishi huanza na wahusika wadogo, wale wenye onyesho moja au mawili, na njia ya kwanza inayomjia ni kuwapanga kwa vyeo. Polisi wawili wanakuwa polisi mmoja, manesi watatu wanakuwa nesi mmoja, makarani wote wanaingia katika karani mmoja. Njia hii ni ya haraka, na kwenye karatasi huonekana safi. Mada hii inapinga njia hiyo. Hoja yangu ni kwamba wahusika wadogo wanapaswa kuunganishwa kwa kuangalia kila mmoja anajua nini, anakijua lini na anataka nini kwa mhusika mkuu. Cheo kije mwisho. Anayeunganisha vyeo hupunguza majina, lakini huacha tundu ndani ya kisa, na tundu hilo mtazamaji huliona kabla ya mwandishi.

Ushahidi wa filamu moja

Mfano ulio wazi zaidi umo katika filamu ya mwaka 1939, Mchawi wa Oz, iliyotokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900. Haikuwa filamu ya bajeti ndogo, ila jambo lililotokea humo ndilo linalotuhusu. Katika kitabu kuna wachawi wema wawili. Wa Kaskazini humpokea binti Dorothy anapofika nchi ya ugeni, humlinda kwa busu la kwenye paji la uso na kumwelekeza mjini kwa mchawi mkuu, lakini hajui nguvu ya viatu alivyovaa. Wa Kusini, Glinda, hutokea mwishoni na kumweleza kwamba viatu vile vile vingeweza kumrudisha nyumbani tangu siku ya kwanza. Filamu iliwaunganisha wawili hawa wakawa Glinda mmoja. Kwa cheo hakuna kosa: wote ni wachawi, wote ni wema, wote humsaidia binti. Kwa ujuzi, kosa lipo. Yule asiyejua na yule anayejua sasa ni mtu mmoja, kwa hiyo Glinda anamwachia mtoto apite katika hatari zote hali anajua njia ya mkato. Waandishi waliliona tatizo, ndiyo maana mwishoni mmoja wa wasafiri anamuuliza kwa nini hakusema mapema, naye anajibu kwamba Dorothy asingemwamini, ilibidi ajifunze mwenyewe. Jibu hilo limeipa filamu fundisho lake, na wengi huliridhia. Hata hivyo ni jibu lililozaliwa na muunganiko. Kitabu hakikulihitaji, kwa sababu ndani yake hakuna aliyemficha Dorothy nguvu ya viatu.

Tunachokiona hapo ni kanuni ya kazi. Unapounganisha watu wawili, mhusika mpya hurithi ujuzi wa wote wawili kuanzia pale mmoja wao alipoanza kujua. Ikiwa ujuzi huo ungemaliza kisa mapema, una njia mbili tu: umpe sababu ya kunyamaza, au usiwaunganishe. Na sababu hiyo ikipatikana ikiwa nzito, muunganiko haubaki kuwa hasara. Unakuwa chanzo cha mhusika mwenye uzito kuliko wale wote aliowameza.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue skripti ya kubuni tuipime. Zuhura ni mjane wa Tandika, Dar es Salaam. Shemeji yake ameuza nyumba aliyoiacha marehemu, na Zuhura anatafuta kuthibitisha kwamba mauzo hayakuwa halali. Mbali na hao wawili kuna wahusika wadogo saba wenye maneno. Jirani anakuja kumwambia kwamba ameona watu wakipima uwanja wake (onyesho la 9). Mamantilie, rafiki yake, anamfariji (la 11 na la 40). Dalali anazungumza na shemeji kuhusu mauzo (la 14) kisha anataja jina la mnunuzi (la 31). Mtendaji wa mtaa anatunza nakala ya mkataba wa mauziano (la 22 na la 38). Karani wa mahakama ya mwanzo anamfungulia jalada la mirathi (la 27 na la 45). Shahidi aliyetia saini mkataba anakiri mbele ya mtendaji (la 38). Mwisho kuna hakimu (la 58).

Anayepanga kwa vyeo atawaunganisha mtendaji na karani mara moja, maana wote wana meza, muhuri na tabia ya kusema njoo kesho. Hapo kisa kinakufa. Zuhura anashinda kwa sababu tarehe ya mkataba uliopo ofisi ya mtaa ni ya nyuma kuliko tarehe ambayo mahakama ilimteua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi. Aliuza kabla ya kupewa mamlaka ya kuuza. Ugunduzi huo unategemea karatasi mbili kukaa mahali pawili, mikononi mwa watu wawili ambao hawajawahi kuzilinganisha. Mtu mmoja akizishika zote, ama aliijua kasoro tangu mwanzo, na hapo ni mshiriki wa ulaghai, ama ni mzembe kupita kiasi. Isitoshe mtazamaji wa Tanzania anajua fika kwamba ofisi ya mtaa si mahakama. Hawa wawili wabaki.

Sasa tuwaangalie wasiofanana vyeo: jirani, mamantilie na shahidi. Mauziano ya nyumba katika mitaa yetu kwa kawaida hushuhudiwa na majirani, kwa hiyo shahidi kuwa jirani si jambo la kulazimisha. Jirani naye anaweza kuwa ndiye anayekaanga chapati barazani. Tumwite Bi Mwajuma. Hapo kanuni inaanza kudai haki yake: Bi Mwajuma alitia saini, hivyo katika onyesho la 9 tayari anajua nyumba imeuzwa. Kwa nini hasemi? Tunampa sababu: shemeji alimwambia mjane ameridhia na kupewa fungu lake, akamwachia pesa ya soda, naye akasaini. Siku alipogundua kwamba Zuhura hajui lolote, aibu ilimfunga mdomo.

Kuanzia hapo hakuna onyesho lake hata moja linaloweza kubaki kama lilivyokuwa. Katika la 9 hawezi tena kuleta habari. Zuhura mwenyewe anaona vigingi uwanjani na kumuuliza, naye anasema pengine ni watu wa maji. Katika la 11 anamfariji, lakini sasa anakwepa kumtazama na anakataa kupokea pesa ya chai. La 38 linabeba ungamo la rafiki badala ya ungamo la mpita njia. La 40, lililokuwa faraja ya pili, haliwezekani tena, na mahali pake panakaa ugomvi ambao skripti ya awali haikuwa nao. Dalali haonekani tena: shemeji anazungumza naye kwa simu katika la 14, na jina la mnunuzi Zuhura analisoma kwenye nakala ya mkataba. Hukumu tunaifahamu Zuhura anapotoka mahakamani na jalada mkononi. Saba wamekuwa watatu. Lakini kati ya watatu hao, ni mmoja tu aliyetokana na kuunganisha. Wengine wawili walibaki kwa sababu kisa kiliwahitaji wakiwa mbalimbali, na dalali na hakimu waliondolewa tu. Ni vyema kutenganisha kazi hizi mbili, kwani wengi huunganisha mahali ambapo kuondoa kungetosha.

Dalili ya muunganiko ulioshindwa huonekana kwa kusoma maonyesho ya mhusika mpya peke yake, kwa mfululizo, bila mengine. Ikiwa katika kila moja anataka kitu kisichohusiana na alichotaka awali, ujue bado ni watu watatu waliovishwa jina moja. Hali hii hutokea hasa pale mwandishi anapobadilisha jina kwenye kompyuta na kuyaacha mazungumzo yalivyo.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi zaidi mwigizaji mmoja kucheza nafasi kadhaa, kama wafanyavyo wenzetu wa jukwaani. Ni kweli tamthilia ya Patrick Barlow iliyotokana na filamu ya Hitchcock ya mwaka 1935 huchezwa na waigizaji wanne tu, na watazamaji hufurahia kuona kofia zikibadilishwa. Lakini furaha hiyo inatokana na kuiona hila yenyewe. Hata katika Mchawi wa Oz, Frank Morgan alicheza nafasi tano, na ikakubalika kwa kuwa sehemu kubwa ya kisa ni ndoto, na ndotoni sura hujirudia. Kamera inaposogea karibu na uso katika filamu ya maisha ya kila siku, mtazamaji atauliza kwa nini karani anafanana na dalali, naye atangoja jibu ambalo hatalipata.

Pingamizi la pili ni la mtayarishaji: je, fedha zinapungua kweli? Hapa inabidi tuwe wakweli. Kama jirani na shahidi walihitajika siku moja kila mmoja na mamantilie siku mbili, Bi Mwajuma atahitajika siku nne zile zile. Anayelipwa kwa siku hatapunguza malipo. Kinachopungua ni idadi ya watu wa kutafuta, kuvisha, kusafirisha na kusubiri. Kwa upande mwingine hatari inaongezeka, kwani mwigizaji huyo akiugua, maonyesho manne yanasimama badala ya moja au mawili. Mwandishi akimweleza mtayarishaji jambo hili mapema, atamwepusha na hesabu ya uongo.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu visa vya kweli: je, ni haki kuwaunganisha watu waliowahi kuishi? Mfululizo wa Chernobyl wa mwaka 2019 ulimbuni mwanasayansi Ulana Khomyuk awakilishe wanasayansi wengi waliomsaidia Valery Legasov, na mwishoni watazamaji wakaambiwa hivyo waziwazi. Hiyo ni heshima inayostahili kuigwa. Ningeongeza mpaka mmoja: sifa za watu wengi zinaweza kukusanywa kwa mmoja, lakini makosa ya watu wengi yasirundikwe kwa mmoja, kwa sababu hapo skripti inatoa hukumu ambayo historia haikuitoa.

Hitimisho

Napendekeza kwamba kabla ya kufuta jina lolote, mwandishi aandike kwa kila mhusika mdogo mistari mitatu: anajua nini na tangu onyesho gani, anataka nini kwa mhusika mkuu, na ni nani asiyepaswa kuwa yeye. Mstari wa tatu ndio unaosahauliwa, na ndio ungewaokoa mtendaji na karani wetu. Awaunganishe wale ambao mistari yao ikikutana inazaa swali moja gumu ambalo mhusika mpya anaweza kulijibu. Wale ambao mistari yao ikikutana inafuta ugunduzi wa kisa, awaache mbalimbali, na amwombe mtayarishaji apunguze kwingine.