Sababu foto zetu za usiku zinatoka na mchanga

Mulituuliza sababu gani foto za kugawa mbegu ile jioni zilitoka na vidoti kama mchanga, hata nyuso za waliopokea hazikutambulika. Njo hii. Mwangaza unaanguka kama matone ya mvua, hauanguki sawasawa. Ndani ya apareyi kuna kibao chenye vitundu vidogo-vidogo vinavyohesabu matone hayo. Kitundu cha telefone, upana mikroni 1, kikipokea matone 100, hesabu inayumba kwa karibu 10: moja kwa kumi. Kitundu cha apareyi kubwa, upana mikroni 6, eneo lake ni mara 36. Lensi ikifunguka sawa na muda ukiwa ule ule, kinapokea 3600, na hesabu inayumba kwa 60 tu, haifiki hata mbili kwa mia. Kuyumba kule njo mchanga munaona. Telefone inajaribu kuufuta, lakini inafuta pamoja na sura za watu. Juani matone ni mengi, tofauti haionekani sana. Basi ugawaji tutaupiga foto mchana. Wa usiku, tutaazima apareyi kubwa.