Mali Iliyo Ghalani kwa Mufilisi ni ya Nani?



Mfanyabiashara anapofilisika, siku ile msimamizi wa mali yake anapofungua mlango wa ghala na kuanza kuhesabu, hukuta humo vitu vingi ambavyo mwenye ghala alivipokea lakini hakuvilipia, na swali la kwanza linalomkabili, kabla hata ya kuuliza deni ni kiasi gani, ni hili: vitu hivi ni mali ya nani? Iwapo ni mali ya mufilisi, vitauzwa, na fedha zake zitawaendea kwanza wenye dhamana, kisha wafanyakazi na wengine ambao sheria imewatanguliza, na mwishoni kabisa, kama kumebaki kitu, wadai wa kawaida watagawana kwa kadiri ya madeni yao, na miongoni mwao atasimama yule aliyevileta vitu vyenyewe. Lakini iwapo vingali mali ya aliyevileta, yeye hahitaji kusimama katika safu hiyo, kwani haji kudai fedha, bali huja kuchukua chake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iliyotungwa Uingereza mwaka 1893, ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki zilirithi maneno yake karibu neno kwa neno, Tanzania katika Sura ya 214 na Kenya katika Sura ya 31, haimpi muuzaji faraja kubwa asipojisemea. Kanuni yake ya msingi ni kwamba milki ya kitu kinachojulikana huhama wakati wanaopatana walipokusudia ihame; na wasiposema neno, sheria huchukulia aghalabu kwamba imehama pale mapatano yalipofungwa, ijapokuwa bei haijalipwa na kitu hakijatoka mikononi mwa muuzaji. Ni kweli kwamba muuzaji asiyelipwa anayo haki ya kukizuia kitu maadamu bado anacho, na haki ya kukisimamisha njiani mnunuzi anapofilisika. Lakini kikishaingia ghalani kwa mnunuzi haki hizo zimekwisha, naye hubakiwa na deni tu. Hata hivyo sheria hiyohiyo humruhusu muuzaji kusema tangu awali kwamba anatoa kitu lakini habanduki na milki yake mpaka masharti yatimizwe, na sharti kuu, bila shaka, ni malipo. Hicho ndicho kifungu cha kubakiza milki, ambacho nataka tukizungumze kwa utulivu jioni hii.

Kesi iliyokipa kifungu hiki jina katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1976. Kampuni ya Kiholanzi, Aluminium Industrie Vaassen, ilikuwa ikiiuzia kampuni ya Kiingereza iitwayo Romalpa karatasi nyembamba za alumini kwa mkopo, kwa masharti yaliyosema kwamba milki haitahama mpaka mnunuzi awe amelipa yote anayodaiwa, na kwamba hadi hapo atazihifadhi karatasi hizo kwa namna itakayoonyesha wazi kuwa ni mali ya Waholanzi. Mwaka 1974 Romalpa ilishindwa kulipa, na mkopeshaji aliyekuwa na hati ya dhamana juu ya mali yake akaweka msimamizi. Deni la Waholanzi lilikuwa pauni 122,239. Msimamizi alikuta ghalani karatasi za thamani ya pauni 50,235 ambazo hazijaguswa, na tena akapokea pauni 35,152 kutoka kwa watu waliouziwa karatasi nyingine kabla ya kufilisika, fedha ambazo kwa busara aliziweka katika akaunti ya peke yake.

Karatasi zenyewe zilirudi kwa Waholanzi bila mabishano makubwa, kwani zilikuwa zao. Ugomvi ulikuwa juu ya zile fedha, na mahakama iliwapa hizo nazo. Hivyo wakapata pauni 85,387 kwa jumla, ilhali bila kifungu kile wangesubiri mwisho wa safu pamoja na wengine. Wafanyabiashara walipoisikia hukumu hiyo wakaamini kwamba ufunguo wa kila mlango umepatikana, na mawakili wao wakaanza kuandika vifungu virefu vya kudai fedha za mauzo na kila kitu kitakachotengenezwa kwa bidhaa iliyouzwa. Wachache ndio waliotua kutazama kwamba mawakili wa Romalpa walikuwa wamekubali tangu mwanzo kuwa kampuni yao ilizishika karatasi kama amana ya mwenziwe, na kukubali huko ndiko kulikozaa wajibu wa kutoa hesabu ya fedha. Mwaka 1984, katika kesi ya mikoba ya safari iliyouzwa kwa mkopo wa siku 45, ambapo hapakuwa na makubaliano ya amana wala sharti la kutenga fedha, muuzaji alidai fedha za mauzo kwa mfano wa Romalpa, naye akashindwa. Kwani mtu anayeruhusiwa kuchanganya fedha na zake na kuzitumia siku zote 45 hawezi kuambiwa baadaye kwamba alikuwa mwekwa amana.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu: kifungu hiki hulinda kitu maadamu kingali kitu kilekile, na kila muuzaji anapokinyoosha zaidi ya hapo, hukigeuza kuwa jambo jingine ambalo sheria inataka lisajiliwe. Chukueni muuzaji wa gundi aliyempa mtengenezaji wa mbao za kushindiliwa gundi yake kwa kifungu cha namna hii. Gundi ikachanganywa na chembe za mbao, ikakauka, ikawa mbao. Na mahakama ilisema kwamba gundi haipo tena, na kwa kuwa haipo, milki yake imekwisha pamoja nayo. Chukueni na muuzaji wa ngozi katika kesi ya Peachdart ya mwaka 1983, ambaye kifungu chake kilidai hata mikoba iliyoshonwa kwa ngozi yake. Jaji aliona kwamba wapatanaji hawakuweza kukusudia mshonaji atengeneze mali ya mtu mwingine kwa kazi yake, nyuzi zake na vifungo vyake. Kwa hiyo, ngozi ilipoanza kukatwa, milki ilihama, na kilichobaki kwa muuzaji kilikuwa rehani tu juu ya mikoba. Rehani iliyotolewa na kampuni bila kusajiliwa ni batili mbele ya mfilisi, na muuzaji hakuwa ameisajili.

Linganisheni na yule aliyeuza injini za dizeli, ambazo mnunuzi alizifunga katika mitambo ya kuzalisha umeme. Injini zilikuwa na nambari zake za utambulisho zilizochongwa, na zilishikwa kwa skrubu ambazo fundi angeweza kuzifungua kwa saa chache bila kuharibu chochote; na mahakama ilikubali kwamba injini zile zilibaki injini, na milki yake haikupotea kwa kufungwa. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama kifungu chake kitafaa, asisome kwanza maneno yake, bali aende kiwandani kwa mnunuzi akaulize bidhaa yake hufanyiwa nini siku ya pili, ya tatu na ya nne baada ya kuwasili.

Hata pale kitu kinapobaki kilekile, ushahidi waweza kumwangusha muuzaji. Tuseme, kwa mfano, muuzaji wa nyuzi za pamba wa Dar es Salaam amempelekea mwenye kiwanda shehena tatu za makasha 100 kila moja, Januari, Februari na Machi, na mwenye kiwanda amelipia ya Januari peke yake kabla ya kufilisika, na ghalani yamekutwa makasha 90 yasiyo na alama. Iwapo kifungu kinasema tu kwamba milki ya kila shehena inahama inapolipiwa, mfilisi atamwambia: haya huenda ni ya Januari, nayo yamelipiwa, thibitisha kwamba si hivyo. Kama kiwanda kina desturi ya kutumia ya zamani kwanza, na kuna daftari la kuonyesha hivyo, muuzaji ataweza. Kama hakuna, ataondoka mikono mitupu. Lakini iwapo kifungu kinasema kwamba milki ya makasha yote inabaki mpaka madeni yote ya mnunuzi kwa muuzaji yalipwe, swali la shehena ipi halimhusu tena, kwani yote 90 ni yake maadamu madeni ya Februari na Machi yangalipo. Kifungu cha aina hii kilipingwa huko Uskoti kwa hoja kwamba ni dhamana iliyojificha. Na Nyumba ya Mabwana huko London, mwaka 1990, katika kesi ya chuma kilichouzwa na kampuni ya Kijerumani ya Thyssen, ilisema kwamba si dhamana, kwani muuzaji hapewi kitu na mnunuzi, bali anabaki na kilicho chake.

Kuna mipaka miwili zaidi ambayo sina budi kuitaja. Mnunuzi wa kawaida aliyenunua dukani kwa nia njema kutoka kwa mnunuzi wetu hawezi kunyang'anywa, kwani sheria ya uuzaji humlinda. Milki ya muuzaji wa kwanza huisha pale. Tena, si ruhusa kuvamia ghala: Uingereza, tangu sheria ya kufilisika ya 1986, msimamizi anapowekwa kuiokoa kampuni, hakuna awezaye kuchukua bidhaa zilizobakizwa milki bila idhini yake au ya mahakama. Nako Kenya, kwa sheria ya haki za dhamana juu ya mali zinazohamishika ya mwaka 2017, linalotazamwa ni kazi ambayo mapatano yanafanya na si jina lake. Hivyo muuzaji wa huko asiridhike na hukumu ya kesi ya Thyssen, bali asajili notisi yake.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linalonihuzunisha kwa kuwa kulizuia hakuna gharama, ni kifungu kuandikwa nyuma ya ankara inayofika kwa posta siku tatu baada ya mzigo. Mapatano yalikuwa yamekwisha fungwa, milki ilikuwa imekwisha hama, na karatasi iliyochelewa haiwezi kuirudisha nyuma. Basi ninyi mnaouza kwa mkopo, na ninyi wanafunzi mtakaowaandikia, nawasihi: kifungu kiwe kifupi, kidai kitu chenyewe na madeni yote, kisidai mikoba wala mbao, alama ya muuzaji iwe juu ya kila kasha, nambari ya kasha iandikwe katika ankara, na sahihi ya mnunuzi ipatikane kabla lori halijatoka ghalani.