RUZUKU YA TASAF KWENYE SIMU: MANENO YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI



Nayaweka hapa niliyoyasema kikaoni, kwa ajili ya ambao hawakufika. Kila dirisha la malipo walengwa wetu wanapoteza fedha mahali pamoja: kwa wakala, wakati wa kutoa.

Mlengwa akipokelea kwenye simu, ruzuku huingia kwenye namba aliyoiandikisha TASAF. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Bibi akitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, majina hayaoani na malipo yanaweza kukwama. Hilo lirekebishwe kabla ya dirisha kufunguliwa.

Kutoa ni hivi. Mwenye M-Pesa anapiga *150*00#, anachagua Toa Pesa, anaweka namba ya wakala, kiasi, kisha namba ya siri. Ada hukatwa kwenye salio lake, na wakala hulipwa kamisheni na kampuni. Kwa hiyo wakala anayedai "ya juu" mkononi anamwibia mlengwa.

Sasa hesabu. Chukua mlengwa mwenye 44,000. Hawezi kutoa zote, maana ada inatoka humo humo. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya kutoa 40,000 ni 1,800 na ya kutoa 20,000 ni 1,300. Akitoa 40,000 mara moja anabakiwa na 2,200. Akitoa 20,000 leo na 20,000 kesho, ada inakuwa 2,600 na anabakiwa na 1,400. Shilingi 800 zimekwenda bure. Bei halisi zipo kwenye bango la wakala, zisomwe kwanza.

Kwa nini watu hutoa mara mbili? Siku ya malipo wote wanatoa na hakuna anayeweka. Noti za wakala zinaisha, huku floti ikijaa kwenye simu yake, mpaka aende benki au kwa wakala mkuu kuibadilisha. Ndipo anasema, "Chukua nusu." Fedha haiozi kwenye simu. Kama shida si ya siku hiyo, mlengwa asubiri siku mbili au aende kwa wakala mwingine.

La mwisho ni namba ya siri. Wazee wengi humpa wakala simu na namba pamoja. Asiyejua kusoma aende na mtu wa nyumbani anayemwamini, na namba aibonyeze mwenyewe. Kabla ya kuondoka, ujumbe usomwe: kiasi kilichotolewa, ada, salio. Kiasi kwenye ujumbe kikizidi noti mkononi, asiondoke dirishani na ujumbe asiufute. Ndio ushahidi wa kupeleka kwa kampuni ya simu, na kwa mtendaji au mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Mabalozi, wasomeeni walengwa wenu ujumbe huu kabla ya dirisha lijalo.

Katibu wa Tawi